Mashairi chini ya mlango wa mjane: yaonekane mangapi, na hamali anaweza kuwa malenga?

*"Naandika hadithi fupi. Bi. Rukia ana duka la rejareja Mji wa Kale, Mombasa. Mumewe amefariki karibuni, na kila Ijumaa alfajiri anakuta chini ya mlango shairi lisilo na jina. Mwandishi ni Athmani, hamali anayemletea magunia, lakini nimelificha hilo mpaka ukurasa wa mwisho. Nimeweka mashairi 10, na hadithi imefika maneno 6,000. Rafiki aliyeisoma anasema inachosha kuanzia shairi la nne, tena hamali hawezi kuandika vile. Mfano wa mishororo yangu:*

*Nakupenda ua langu, nipe moyo wako wote,*
*Silali usiku wangu, nakufikiria wewe kote.*

*Nipunguze mashairi? Au nimgeuze mwandishi awe mwalimu mstaafu?"*

Athmani mwache alivyo. Rafiki yako amehisi kasoro ya kweli, ila ameitafuta mahali pasipo pake. Uhamali haumzuii mtu kuwa malenga. Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, na mashairi yake mengi yalikuja kuandikwa baada ya kifo chake, kutoka vichwani mwa watu waliokuwa wameyahifadhi kwa kusikia tu. Sanaa hii imeishi kwa masikio na ulimi kuliko kwa madaftari, na mtu anayesukuma mkokoteni mchana kutwa ana ulimi na masikio sawasawa na mwalimu. Kinachomfanya Athmani asiaminike ni "ua langu". Ua hilo angeweza kulitaja mwanamume yeyote, kwa mwanamke yeyote, mji wowote. Ndani ya mishororo ile miwili hamna gunia, hamna baraza, hamna mjane. Msomaji akikosa mikono ya hamali ndani ya shairi la hamali, anahitimisha kwamba hamali hakuliandika.

Kuchosha nako kuna chanzo chake, na idadi ni sehemu ndogo tu ya chanzo hicho. Shika shairi lako la tatu na la saba, uyabadilishane nafasi. Kama hadithi haikuteteruka, basi yote mawili ni pambo, na hata ukiyapunguza yakabaki manne, msomaji atachoka kwenye la pili. Kila karatasi inayoingia chini ya mlango ule lazima ikute duka likiwa katika hali moja na iliache katika hali nyingine kabla ya Ijumaa ifuatayo. Hilo linawezekana, kwa sababu una kitu kikubwa mkononi ambacho sioni kama umekitumia. Bi. Rukia yumo edani.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na miezi yenyewe ni ya kuandama. Jumla yake huwa kama siku 128, yaani Ijumaa 18 hivi. (Angekuwa mjamzito, eda ingeisha kwa kujifungua, na hadithi ingekuwa nyingine kabisa.) Muda huo wote hajipambi, hatii manukato wala hina, analala nyumba aliyoishi na mumewe, na hatoki bila haja. Kutoka mchana kwa ajili ya riziki wanazuoni wengi wameruhusu, na kwa kuwa duka lake liko mbele ya nyumba anamolala, anaweza kuuza bila kuivunja eda. Hapo umeshapata mwanzo na mwisho wa hadithi yako bila kubuni kitu: Ijumaa 18, na mwanamke ambaye majirani wote wanamhesabia siku.

Muhimu zaidi ni kwamba eda inakupa sababu ya kufumba. Aya ya 235 ya Suratul Baqara inasema hakuna dhambi kwa mwanamume kumwashiria mjane habari ya posa, wala kulificha jambo hilo moyoni, lakini inakataza kuagana naye kwa siri na kufunga ndoa kabla muda haujatimia. Kuashiria ruksa, kutamka hapana. Ukiitazama aya hiyo kwa jicho la mtunzi, utaona kwamba inamsukuma Athmani moja kwa moja kwenye fumbo. Anaruhusiwa kusema kitu chenye maana mbili. "Nakupenda ua langu, nipe moyo wako wote" ni posa iliyotamkwa waziwazi kwa mjane aliye edani, na mtu wa Mji wa Kale akisoma hapo atamwona Athmani kuwa mtu asiye na adabu, iwe ulikusudia hivyo au hukukusudia. Fumbo hapa ni heshima, na heshima hiyo ndiyo inayomlazimisha awe mshairi mzuri.

Sasa tushuke kwenye shairi lenyewe. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao. Hesabu utao wa mshororo wako wa pili kwa vidole: na-ku-fi-ki-ri-a-we-we-ko-te. Ni kumi. Wasomaji wengi hawatahesabu, ila wataliimba kimoyomoyo na ulimi utajikwaa hapo. Ungeandika "nakuwaza siku zote" ungepata nane zako. Lakini nakushauri uufute mshororo wote, maana kurekebisha mizani hakutaliondoa lile ua.

Anza na alichokiona Athmani kabla ya alichokihisi. Chukulia Ijumaa ya pili. Mume amezikwa siku kumi zilizopita, duka limefungwa, na Athmani ana desturi ya kupita pale na mzigo. Anaweza kuandika hivi:

Mlango umeufunga, taa bado hujawasha,
Gunia lile la unga, fundo limejilegesha,
Wateja wanajipanga, jua linawachemsha,
Fungua japo kwa kunga, riziki haijakwisha.

Hakuna neno la mapenzi hapo. Ni ubeti wa mtu anayemtaka mjane asife njaa. Lakini tazama mshororo wa pili. Duka limefungwa, basi nani ajuaye kwamba fundo la gunia lililo ndani limelegea? Ni yule aliyelibeba, akalitua, akaliona akitoka. Dalili iko wazi tangu shairi la kwanza, mbele ya macho ya msomaji na ya Bi. Rukia, na wote wawili wataipita kwa sababu wameshughulika na taa na mlango. Dalili nzuri hukaa katikati ya ubeti, kwenye jambo dogo la kazi. Ukiiweka kwenye kituo, mshororo wa mwisho ambao sikio linaungoja, umeshaitangaza.

Kuhusu lahaja, jihadhari. Waandishi wengi wakitaka kumfichua mshairi humtilia maneno kama "ndia" badala ya "njia", au "mato" badala ya "macho", wakidhani wameonyesha alikotoka. Malenga kutoka kila upande wa pwani huyaazima maneno hayo wakibanwa na kina au mizani, kwa hiyo hayathibitishi kitu. Yatumie kupoteza maboya ukipenda: Bi. Rukia aone "ndia" amshuku yule mwalimu mstaafu anayependa kusema Kimvita cha zamani. Usiyategemee kufichua.

Kabla hujafika kwenye mapenzi kuna hofu, na hii kwenye muhtasari wako siioni kabisa. Mwanamke amebaki bila mume nyumbani, na mtu asiyemjua amefika mlangoni pake gizani. Jambo la kwanza analofanya ni kukagua komeo. La pili ni kujiuliza nani mwingine ameiona karatasi ile. Ukimfanya atabasamu Ijumaa ya kwanza, wanawake wanaokusoma watakuacha papo hapo. Ijumaa ile ya fundo la gunia, mwandike akiisoma karatasi, kisha akiligeukia gunia, kisha akilikokota mpaka nyuma ya mlango liwe kizuizi. Usiku huo halali. Kesho yake anafungua ubao mmoja tu wa duka, auze kupitia hapo huku mlango umefungwa. Kwa hiyo shairi limefanya mambo mawili yanayopingana: limemrudisha kazini na limemtia hofu. Duka halipo tena kama lilivyokuwa Alhamisi.

Jiulize pia karatasi inapitaje. Milango mingi ya mbao ya nyumba za zamani ina kizingiti, na kizingiti hakiachi upenyo. Mlango wa duka wa bati au wa mbao za kukunja ndio unaoacha. Basi karatasi iingie dukani, itue sakafuni penye vumbi la unga. Na alfajiri ya Ijumaa mitaa ile haiko tupu, kuna waendao msikitini na wauza mahamri. Anayeweka karatasi lazima awe mtu ambaye kuinama kwake mbele ya duka hakumshangazi yeyote. Athmani huinama pale kila wiki, akitega kigingi kwenye gurudumu la mkokoteni lisirudi nyuma. Muonyeshe akifanya hivyo mchana, mapema, mara moja tu, bila kumtolea macho.

Hofu ya pili inahusu mali, na ndiyo itakayobeba katikati ya hadithi. Umesema "ana duka", lakini duka lilikuwa la nani? Kama lilikuwa la marehemu, basi siku aliyokufa liliingia kwenye mirathi pamoja na madeni yote yaliyoandikwa daftarini. Tuseme marehemu ameacha mke mmoja, mabinti wawili na ndugu mmoja wa baba na mama, na wazazi wake walishatangulia. Baada ya kulipa gharama za mazishi, madeni aliyodaiwa na wasia ikiwa upo, mke huchukua thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, kwa sababu kuna watoto. Mabinti wawili hugawana theluthi mbili. Kilichobaki kinakwenda kwa ndugu. Bidhaa na fedha zikiwa za shilingi 240,000, Bi. Rukia anapata 30,000, kila binti 80,000, na shemeji anapata 50,000.

Angalia hesabu hiyo inavyofanya kazi. Shemeji ana fungu kubwa kuliko la mjane ndani ya duka ambalo mjane amelisimamia miaka yote. Anaweza kutaka liuzwe. Anaweza kusubiri. Na kwa kuwa si maharimu wake, sheria inamruhusu kumuoa eda ikiisha, hivyo akimuoa duka halitoki mikononi mwa familia. Sasa mshukiwa wako wa kwanza si mwalimu mstaafu. Kila mjane wa mtaa ule angemshuku shemeji, na kila shairi analolipokea angelisoma mara mbili, mara moja kama faraja na mara moja kama mtego. Ule "Fungua japo kwa kunga" ukitoka kwa mtu mwenye 50,000 ndani ya duka una harufu tofauti.

Kwa hiyo shairi la pili litakaloonekana, weka Ijumaa ya sita, likute mikono isiyo yake. Shemeji amekuja asubuhi kuhesabu mali, ameingia wa kwanza, ameokota karatasi. Hapa usituonyeshe ubeti mzima. Tusikie mishororo miwili tu, akiisoma shemeji kwa sauti mbele ya wateja, vibaya, akikata pasipostahili kukatwa. Msomaji atapata mambo mengi kwa mara moja: kwamba shemeji siye mwandishi, kwa kuwa mtu hajikwai kwenye mizani aliyoihesabu mwenyewe, kwamba siri imeshatoka, na kwamba sasa lile fumbo lina kazi ya kumlinda Bi. Rukia. Kama ubeti ungekuwa na "nipe moyo wako wote", shemeji angekuwa na ushahidi wa kumpelekea mkubwa wa familia. Kwa kuwa unazungumzia kamba na mzigo, anabaki ameshika karatasi ya kijinga, na wateja wanamwangalia.

Ndiyo maana shairi la tatu, lile la mapenzi, lazima lisomeke kwa njia mbili bila kulazimisha. Liweke Ijumaa ya 11, eda imevuka nusu. Nimebakiza vina vyako vya "ngu" na "te" ili uone kwamba kasoro haikuwa kwenye vina:

Nabeba tangu na tangu, sipumziki popote,
Baraza yako si yangu, nasimama siku zote,
Likitawanyika wingu, mwezi ukiwaka wote,
Nionyeshe tuo langu, nishushe kamba na vyote.

Shemeji akiliokota hili, ni hamali anayeuliza aweke wapi mzigo. Bi. Rukia akilisoma, ni mtu anayengoja miezi iandame mpaka itimie, ndipo aulize kama ana mahali. Hakuahidi, hakuagana, hakumtaka ajibu. Amebaki ndani ya kile alichoruhusiwa. Na ona kwamba baraza, kamba na kutua mzigo ni vitu ambavyo mwandishi huyu anavigusa kwa mikono kila siku. Mwalimu mstaafu angeleta kalamu, chaki, pengine bahari. Kila ukimaliza ubeti, pitia nomino zake moja moja, ujiulize kama Athmani amekigusa kitu hicho wiki hiyo. Ukikuta ua, nyota au lulu, futa uanze tena.

Bado sijasema ni mashairi mangapi. Yatakayofika yawe kama Ijumaa zilivyo, 16 au 17. Msomaji ayaone matatu: mawili mazima na moja nusu, yale niliyokwisha kuyataja. Mengine yatajwe kwa sentensi moja moja, na sentensi hiyo iseme karatasi imefanya nini na iachane na maneno yake. Wiki moja karatasi ilikuwa ya kaki, ile ngumu inayofungia beli la unga la pakiti 12 za kilo mbili, na Bi. Rukia akaichukua akaitandika chini ya mizani kama karatasi nyingine yoyote ya dukani. Wiki nyingine ilikuwa imelowa, akaianika juu ya gunia la sukari, wino ukawa umesambaa asione chochote, na akajikuta ana hasira. Hasira ile inatueleza kwamba hofu imeshageuka kuwa kitu kingine, na hukuhitaji ubeti wa kulisema. Ukifuata mpango huu, hadithi itashuka kutoka maneno 6,000 hadi 3,500 au chini yake, maana utakuwa umeondoa mashairi saba pamoja na aya saba za Bi. Rukia akitafakari mashairi hayo, na hizo aya ndizo zilizomchosha rafiki yako hasa.

Ijumaa inayobeba hadithi yote ni ile isiyo na karatasi. Iweke ya 14. Amefungua, sakafu ni tupu. Usituambie ameumia moyo. Tuonyeshe akiinua magunia, akiangalia chini ya kaunta, akimkemea binti yake kwamba amefagia mapema mno. Saa tatu gunia la unga linaletwa na hamali mwingine, kijana. Bi. Rukia anakata bei, analipa, anainama kulifungua, na mkono wake unakwama. Fundo si lile. Miaka yote gunia limekuwa likifungwa kwa namna moja, kitanzi kinachofunguka ukivuta ncha moja, na leo amekutana na fundo la kawaida linalohitaji kisu. Anakata, anapima kilo ya mteja, anaendelea na kazi. Baadaye, duka likiwa halina mtu, anaitoa karatasi ya kwanza kwenye daftari la madeni na kuusoma mshororo wa pili.

Nakusihi ufichuzi uwe hapo, Ijumaa ya 14, ukurasa mwingi kabla ya mwisho. Najua umeupenda mshangao wa mwisho, lakini fikiria unaupoteza nini kwa kuungoja. Ukimficha Athmani hadi ukurasa wa mwisho, swali pekee la hadithi linakuwa "nani?", na likijibiwa hadithi imekwisha kwa sababu haina swali jingine. Ukimfichua Ijumaa ya 14, zinabaki Ijumaa nne ambazo Bi. Rukia anajua na Athmani hajui kwamba anajua. Athmani anarudi wiki inayofuata, bega limefungwa kitambaa kwa sababu mkokoteni ulimponyoka mteremkoni, anatua gunia, anapokea fedha yake. Wanazungumza habari ya bei ya unga. Kila neno hapo lina uzito, na hukuandika fumbo jipya hata moja. Swali limegeuka kuwa "atafanya nini?", nalo ni lake yeye. Mpaka hapo alikuwa mtu wa kupelekewa mambo.

Jibu lake lije baada ya eda, liwe tendo kwanza. Wakijibizana kwa mashairi, anayejibu mara nyingi huchukua bahari na vina vya mwenzake, na msomaji wa pwani ataungoja utaratibu huo. Basi Bi. Rukia akijibu, ajibu kwa "ngu" na "te". Siku ya kurudisha magunia matupu kwa Athmani, karatasi iwe ndani ya moja, na gunia limefungwa kwa kitanzi kile cha kuvuta ncha moja, alichokuwa akijifunza kukifunga siku zote hizo nne za Ijumaa. Ubeti wenyewe andika wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua kama anakubali. Anaweza kukataa. Ana 30,000 zake, ana mabinti wawili, na pengine alichokitaka kwa shemeji ni kuinunua hisa yake kidogo kidogo aendeshe duka mwenyewe. Hadithi inayomlazimisha akubali kwa sababu tu mtu amemwandikia vizuri itakuwa imemnyang'anya alichokipata. Ila akikataa, na akatae kwa vina vilevile.

Kuna mambo mawili hayamalizwi kwa kuandikiana. Hesabu ya mirathi niliyotoa ni ya familia ile niliyoitaja tu. Ukiongeza mtoto wa kiume, mama mzazi wa marehemu au mke wa pili, mafungu yanabadilika, na mke wa pili hugawana na Bi. Rukia thumni ileile. Vivyo hivyo kwenye hesabu ya eda kama kifo kimetokea katikati ya mwezi, na kwenye mipaka ya kutoka nje, ambayo ina maelezo marefu kuliko nilivyoyafupisha. Kaa na mtu wa elimu aliye karibu nawe, au karani wa mahakama ya kadhi, umsomee familia yako ya kubuni kama ilivyo. Jambo hili litamaliza robo saa, nawe utakuwa umeepuka barua za wasomaji.

La pili ni masikio. Kabla hujaituma popote, mpelekee beti zako mtu anayejua kughani, umwombe aziimbe kwa mahadhi anayotaka bila kumweleza hadithi. Usimuulize kama ni nzuri. Sikiliza anapovuta silabi isiyopaswa kuvutwa, au anapomeza moja ili afike. Hapo ndipo mizani imepungua au imezidi, hata kama vidole vyako vilihesabu nane. Na ukiwa Mombasa, pita Marikiti asubuhi, umwombe hamali mmoja akufungie gunia mbele yako, polepole, mara mbili. Kitanzi kile ndicho kinachoibeba hadithi yako, na msomaji aliyewahi kubeba gunia atajua kama uliwahi kukishika.